Acheni Maua, Leteni Glavu

Tunaanza na ile picha. Wengi wenu mmeiona kwenye magrupu. Mama ameshika ufagio anacheka, nyuma yake maua mekundu, kando yake askari wa geti amepiga saluti, na chini pameandikwa asante kwa mashujaa wetu wasioonekana. Inakuja kila mwaka mwezi wa sita. Mtu anaituma, wengine wanaweka vidole gumba na mikono ya kusali, kesho yake imezama chini ya matangazo ya mpira.

Sisi hatuipendi hiyo picha, na leo tunasema kwa nini. Tunaomba mtusome mpaka mwisho, ndugu zetu vijana, na ninyi pia baba na mama zetu wa maofisi mnaopitia ukurasa huu.

Sisi ni vijana wa Nakivale, huku Isingiro, Uganda. Baadhi yetu tunajitolea kwenye ofisi za Base Camp: kutafsiri, kupanga foleni, kubeba mafaili. Kwa sababu hiyo tunafika mapema kuliko wenye viti, na tunaona nani amefika kabla yetu. Wanakuwa wawili siku zote: askari wa geti na mama wa usafi. Wengine kati yao ni wakimbizi wenzetu, wengine ni wenyeji wa hapa.

Neno la kwanza tunalolikataa ni hilo "wasioonekana". Eti hawaonekani! Askari anaonwa na kila mtu anayeingia getini, hata anayemchukia. Mama wa usafi anarukwa na maafisa akiwa ameinama anadeki, na wanamwambia "pole mama" huku viatu vyao vina tope. Macho yanawaona vizuri sana. Isiyoonekana ni kazi yenyewe, maana watu wanafikiri kusafisha ni kumwaga maji na kufagia, na kulinda ni kukaa kwenye kiti. Huwezi kumshukuru mtu kwa kazi usiyoijua. Unakuwa unashukuru ufagio tu.

Basi tuiseme kazi yenyewe, kidogo kidogo.

Tuanze na maji, kwa sababu kila kitu kinaanza hapo. Ofisi moja tunayoijua ina vyumba saba, baraza la kusubiria na vyoo vinne vya nje ambavyo vinatumiwa na maafisa na sisi watu wa foleni. Kwa siku ya kawaida inahitaji jerikani sita za lita 20. Hesabu ni rahisi: lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hizo ni kilo 120 zinazotoka bombani kabla ya saa mbili asubuhi, kwa mikono ya mama mmoja. Zamani walikuwa wawili. Wakati pesa za wafadhili zilipokatwa mwanzoni mwa 2025, alipunguzwa mmoja. Vyoo havikupunguzwa, foleni haikupunguzwa, na jerikani ni zile zile sita.

Sasa njooni kwenye vyoo, ambapo ndipo ujuzi ulipo. Mtu asiyejua anachukua dawa ya klorini, tuseme Jiki, anamwaga sakafuni juu ya uchafu, harufu inapanda, anasema "pamekuwa safi". Hapana, bado. Klorini ikikutana na uchafu inamalizikia kwenye uchafu huo huo, haifiki kwenye vijidudu. Mama anayejua kazi anaanza na maji na sabuni na brashi, anasugua mpaka sakafu ionekane, anasuuza, halafu ndipo anapaka klorini na kuiacha kama dakika kumi kabla ya kuifuta au kuisuuza. Hizo dakika kumi ndizo zinazotukera sisi wa foleni! Tunakuta mlango umefungwa, tunaanza kumgombeza: "Mama fungua, unatuchelewesha." Yeye ananyamaza. Akifungua mapema ili tumpende, dawa haikufanya kazi, na sisi tutakanyaga mle ndani na kurudi nyumbani kwa wadogo zetu.

Halafu kuna kipimo. Jiki iliyoandikwa 3.5% kwenye chupa inachanganywa kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Hapo unapata klorini ya 0.5%, ile kali ya vyoo, ya matapishi, ya sakafu ya mgonjwa. Ile ya kunawa mikono wakati wa mlipuko ni dhaifu mara kumi, yaani 0.05%. Unaipata kwa kuchukua kikombe kimoja cha ile kali na kuongeza vikombe tisa vya maji. Ukigeuza ndoo hizi mbili, vyoo vitabaki na vijidudu na mikono ya watoto itababuka. Na zote zinatengenezwa upya kila siku na kufunikwa, kwa sababu jua na hewa vinaila klorini. Ya jana inabaki na harufu tu.

Mama huyu hajapewa karatasi yoyote ya hayo. Aliyajua kwa sababu aliwahi kufanya kazi ya usafi kwenye kituo cha afya huko Kongo kabla ya kukimbia. Mwingine asiyekuwa na bahati hiyo anapimia macho.

Tueleze jambo lililotokea kweli kwenye ofisi moja ambayo hatutaitaja. Jiki ilikwisha stoo. Mtu wa manunuzi akapata unga wa klorini kwenye ndoo nyeupe, ule wa kutibu maji, akauleta. Ni kitu kizuri kabisa, tena nafuu. Lakini unga ule ulikuwa wa 70%. Jiki ni 3.5%. Gawanya mwenyewe: nguvu yake ni mara 20. Hakuna aliyemwambia mama wa usafi. Alipewa ndoo, akaambiwa "hii ndiyo dawa mpya", na kwa kuwa yeye ni mtu wa kufuata kipimo, alichota kikombe kimoja akaweka kwenye vikombe sita vya maji, kama siku zote.

Kipimo sahihi cha unga huo kwa vyoo ni kama gramu 7 kwa lita moja ya maji. Kwa jerikani nzima ya lita 20 ni gramu 143 hivi, hazijai hata kikombe kikubwa cha chai. Yeye aliweka kikombe kizima kwenye lita moja na nusu.

Unajuaje kwamba mchanganyiko umezidi? Macho yanaanza kuwaka kabla hujainama. Koo linakaba, unakohoa kikohozi kikavu kisichotoka na kitu. Vidole vinakuwa vinateleza kama umeshika sabuni hata baada ya kusuuza, na hiyo siyo sabuni, ni ngozi yako inaliwa. Mama alikuwa na glavu, lakini zilikuwa zile nyembamba za hospitali ambazo zimetengenezwa kutupwa baada ya mgonjwa mmoja, naye alikuwa amezifua na kuzianika kwa siku tatu. Ya mkono wa kulia ilikuwa na tundu. Alifanya vyoo viwili, cha tatu akatoka nje akakaa chini ya mti.

Na nani alimwona? Askari wa geti. Siyo afisa, siyo sisi. Askari alitoka kwenye kiti chake, akamwonyesha bomba, akamwambia aweke mikono na uso kwenye maji yanayotiririka na asiitoe mpaka amwambie. Dakika kumi na tano alisimama pale na saa yake. Halafu akaenda kufungua milango ya vyoo hewa ipite na kukataza watu wasiingie. Tulipomuuliza alijifunzia wapi, alisema alifundishwa huduma ya kwanza zamani, siku mbili tu, na hajawahi kusahau.

Kesho yake lilifanyika nini? Afisa mmoja alimwambia mama "pole sana, uwe makini". Uwe makini! Mtu aliyekuwa makini kuliko wote pale ni yeye. Aliyekosa umakini ni aliyeleta ndoo bila kusoma asilimia iliyoandikwa ubavuni. Kesi ikaishia hapo. Siku mbili alizolala nyumbani na mikono imefungwa vitambaa hazikulipwa.

Tunaongeza onyo moja kwa haraka, kwa sababu litamsaidia mtu: zile dawa za kung'arisha choo zenye asidi msizimwage pamoja na Jiki wala unga wa klorini, hata kama kila moja peke yake ni nzuri. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu inayoweza kuua mtu kwenye choo kidogo chenye mlango uliofungwa. Ukisikia harufu kali ya ghafla, toka nje, usirudi kuokoa ndoo.

Sasa twende getini.

Watu wanasema askari kazi yake ni kukaa. Sisi tunaopanga foleni pamoja naye tunasema kukaa ndiyo sehemu ndogo kuliko zote. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi. Kwanza anapokea zamu kutoka kwa mwenzake wa usiku: wanazunguka wote wawili, wanahesabu funguo, wanaangalia kufuli, madirisha, mafuta ya jenereta, tarehe ya kifaa cha kuzimia moto, halafu wanaandika kwenye kitabu cha matukio na kusaini wote. Kile kitabu ni kitu kikubwa. Kompyuta ikipotea, afisa atakimbilia kitabu kile kabla ya kukimbilia polisi. Kama mwenzake hajafika, wa usiku haruhusiwi kuondoka hata kama ana mtoto mgonjwa nyumbani. Tumewahi kumkuta askari wa usiku saa nne asubuhi amesimama getini macho mekundu, kwa sababu wa mchana alinyeshewa njiani na bodaboda ikakwama.

Halafu foleni inakuja. Siku ya kushughulikia kesi za ulinzi wanaweza kuwa watu mia mbili, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, kila mmoja na karatasi na hasira yake. Askari huyu anaongea Kiswahili, Kinyarwanda na Kinyankole, na Kisomali anajua salamu na maneno ya "kaa", "subiri", "mgonjwa". Hakuna mstari kwenye mkataba wake unaosema yeye ni mkalimani. Ofisi ikitafuta mkalimani rasmi inatangaza nafasi na mshahara wake. Getini ukalimani ni wa bure.

Kuna jambo moja analofanya ambalo sisi tulichelewa kulielewa. Akija dada au mama anayetetemeka, askari huyu hamwulizi "shida yako nini?" Anamwuliza "unaenda dawati gani?" na kama hajui, anamwita mmoja wetu wa kike amsindikize pembeni. Tulidhani ni ubaridi. Kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mbele ya foleni ya watu mia mbili, swali la "shida yako nini" linamlazimisha mtu aliyebakwa achague kusema mbele ya majirani zake au kurudi nyumbani. Wengi wanarudi nyumbani. Ofisi inaweza kuwa na mshauri mwenye digrii tatu na chumba chenye pazia na kisanduku cha tishu. Kama geti limeuliza vibaya, yule mtu hatafika kwenye kile chumba, na ripoti ya mwezi itasema kesi zimepungua.

Na macho yake yanapima foleni muda wote. Mtoto anayelia hamshtui, anasema mwenye kulia bado ana nguvu. Anamtafuta yule aliyenyamaza, aliyelegea mgongoni kwa mama yake, midomo mikavu. Tumemwona akimtoa mama wa namna hiyo kutoka nafasi ya sitini na kitu, foleni nzima ikimpigia kelele kwamba ni ndugu yake, akamweka mbele na kuita gari la wagonjwa. Zile kelele alizibeba yeye peke yake, sisi wengine tuliinamisha vichwa kwenye madaftari.

Tunajua mnachotaka kusema, na tunakisema wenyewe: kuna askari wanaouza nafasi za foleni. Ni kweli. Kuna anayetaka "pesa ya soda" ndiyo upite. Tunamlaani, na tumeshampeleka mmoja kwenye sanduku la malalamiko. Lakini tupime vitu kwa mizani moja. Mwaka 2018 Uganda nzima ilisikia kashfa ya hesabu za wakimbizi. Vitabu vilikuwa vinasema tuko milioni 1.4, tulipohesabiwa upya kwa alama za vidole tukaonekana kama milioni 1.1. Yale majina ya watu wasiokuwepo hayakuandikwa na askari wa geti. Hata hivyo hatukusikia mtu akisema maafisa wote ni wezi kwa hiyo wasiwe na mkataba. Kwa askari ndivyo tunavyosema, tena bila aibu. Na mtu anayesimama masaa kumi na mbili bila chakula, akilinda stoo iliyojaa chakula, ukimlipa mshahara wa kumfanya aombe soda, nawe umo kwenye hiyo dhambi.

Mtakumbuka pia mwaka 2020, wakati wa korona. Maafisa wengi walifanya kazi kwa simu kutoka nyumbani, na hatuwalaumu. Lakini hakuna aliyewahi kudeki kwa simu. Halafu 2022, tarehe 20 Septemba, Ebola ikatangazwa Mubende, na hata sisi huku mbali tukarudishiwa ndoo za kunawa getini na kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso. Nani alikuwa anajaza ile ndoo? Mama wa usafi. Nani alikuwa ameshika kipimajoto, mtu wa kwanza kukutana na mwenye homa kabla hajajulikana ana nini? Askari. Walikuwa wametangulizwa mbele ya ugonjwa, na barakoa moja ya kitambaa.

Sasa tufike kwenye pesa, maana bila hapo tutakuwa tumeandika mashairi.

Ukienda kuuliza ofisi kwa nini mama hana glavu nzito, jibu ni moja: "Yule siyo mfanyakazi wetu, ni wa kampuni." Ukienda kampuni, wanakwambia: "Sisi tunalipwa kidogo na ofisi, waulizeni wao." Na wengine hawana hata kampuni, wanaitwa wa motisha kama sisi, na motisha haina siku ya kuugua. Mtu anasafisha sakafu ya ofisi, anajua ni kiti gani kinachoyumba na ni afisa gani anayeficha maganda ya karanga kwenye droo, lakini kwa karatasi si wa hapo. Huo ndio mchezo wenyewe. Kazi imewekwa katikati ya milango miwili na kila mlango unamwonyesha mwingine.

Sheria ya ajira ya Uganda ya 2006 inasema mfanyakazi apewe masharti ya kazi yake kwa maandishi. Inasema wiki ya kawaida ya kazi ni masaa 48, na yanayozidi yalipwe kwa kiwango cha juu. Inasema kila wiki mtu apumzike siku nzima. Sheria ya wakimbizi, nayo ya mwaka huo huo wa 2006, inatupa sisi wakimbizi haki ya kufanya kazi, na hilo ni jambo ambalo ndugu zetu wa nchi nyingine jirani wanalitamani. Sasa chukueni askari wetu. Masaa kumi na mbili kwa siku, siku sita, ni masaa 72. Toa 48. Masaa 24 kila wiki yanaenda wapi? Hatujakutana na askari hata mmoja hapa anayejua jibu.

Na msiseme "kuna kima cha chini kinamlinda". Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Mpaka leo hakijabadilishwa. Hizo hazitoshi hata kununua jozi moja ya glavu nzito na chakula cha siku mbili. Kwa hiyo anayejitetea kwamba analipa juu ya kima cha chini amekwambia kwamba halipi.

Hapa tunarudi kwenye ile picha ya maua, maana ina historia yake na wanaoituma hawaijui. Ile siku ya wasafishaji ya tarehe 15 Juni haikuanzishwa na mtu wa maua. Tarehe 15 Juni 1990, Los Angeles, Marekani, wasafishaji wa maghorofa ya maofisi walikuwa wamegoma, wakaandamana mtaa wa Century City, na polisi wakawapiga virungu mchana kweupe, kamera zikiona. Walikuwa akina nani? Wahamiaji, na wengi walikuwa wamekimbia vita vya El Salvador na Amerika ya Kati. Watu kama sisi. Na shida yao ilikuwa hii hii: mwenye jengo alikuwa anasema hao ni wa kampuni, na kampuni ilikuwa inasema bei ni ya mwenye jengo. Wao wakakataa kuzungushwa. Hawakupanga foleni kwa kampuni kimya kimya, walienda kusimama mbele ya jengo lenyewe, ambapo wapangaji wakubwa wanapita na wanaona aibu. Muda mfupi baadaye kampuni ikasaini mkataba na chama chao.

Hatusemi tugome kesho. Mkimbizi anayegoma huku anajua kinachoweza kumpata, na wanaotusukuma tugome mara nyingi wenyewe wana pasipoti mfukoni. Tunasema tu kwamba tujifunze mahali pa kusimama. Glavu haiombwi kwa kampuni. Inaombwa kwa mwenye jengo, kwa maana yeye ndiye anayeandika masharti ya zabuni. Kama kwenye zabuni hakuna mstari wa glavu, gambuti na barakoa, kampuni yenye kuviweka itakuwa ghali na itashindwa, na isiyoviweka itashinda. Kila mara. Mwenye kampuni anaweza kuwa mtu mzuri wa kanisani au msikitini na bado hesabu itamshinda.

Kwa hiyo ninyi wa maofisi mnaosoma hapa, na tunajua mnasoma kwa sababu mnaweka vidole gumba, tunawaomba vitu vichache ambavyo havihitaji mfadhili mpya. Kwenye stoo yenu kuna ndoo au chupa ya klorini. Nendeni leo msome asilimia yake. Andikeni kipimo kwa Kiswahili na Kinyarwanda kwenye karatasi kubwa, mchore vikombe kwa wasiosoma, mbandike mlangoni kwa stoo. Dawa ikibadilika, karatasi ibadilike siku ile ile kabla ndoo haijafunguliwa. Nunueni glavu nzito za mpira zinazofika karibu na kiwiko, jozi mbili kwa kila mtu ili moja ikikauka nyingine ipo. Muulizeni askari kama amewahi kufundishwa huduma ya kwanza na namna ya kupokea mtu aliyefanyiwa ukatili. Mnafanya semina za siku mbili karibu kila mwezi, tunajua kwa sababu sisi ndio tunaopanga viti. Ongezeni viti viwili. Na zabuni ya usafi na ulinzi ikirudi mezani, iwe na mstari wa vifaa, mstari wa siku za kuugua, na masaa yanayohesabika.

Nasi vijana tuna la kwetu. Choo kikiwa kimefungwa kwa zile dakika kumi, tusubiri. Karatasi zenye majina ya watu tusizitupe kwenye pipa zikiwa nzima tukimwachia mama wa usafi siri za kambi nzima, tuzichane vipande. Na tumwite kwa jina lake. Tuliulizana juzi kwenye mkutano wetu, watu kumi na wanane, nani anajua jina la mama anayesafisha ofisi tunayoingia kila siku. Walionyosha mikono walikuwa wanne.

Mikono yake imepona, ila kidole kimoja cha kulia bado hakikunji vizuri. Ndoo nyeupe ya unga iko bado stoo, zaidi ya nusu. Jumanne ijayo kuna kikao cha uratibu cha ofisi zote za Base Camp, na sisi watu wa kujitolea tunaruhusiwa wawili kuingia. Tumeshawachagua. Wataenda na ile ndoo.